Kampuni ya faiba imeiacha kamera yangu wazi kwa dunia nzima, halafu wananiambia "ndivyo IPv6 ilivyo"!

Mpangaji Mkorofi
Wakuu, nina hasira. Kampuni iliyonifungia faiba (siitaji) imeniletea ruta mpya. Jana nikamtumia shemeji anwani ya kamera ya getini ajaribu tu. Yuko mkoani, anatumia bando la simu. Ikafunguka! Ukurasa uleule ninaouona nikiwa sebuleni, unamsubiri aweke neno la siri. Anwani hii hapa, mwanzo wake nimeubadilisha:

```
2001:db8:4a:1:a6b1:c2ff:fe3d:8e10
```

Nikapiga huduma kwa wateja. Jibu: "IPv6 inakipa kila kifaa anwani ya hadharani, ni kawaida." Kawaida ya nani? Ruta ya zamani haikuwa na upuuzi huu.

Kijana wa Kijiweni
Zima IPv6, mkuu. NAT ndiyo usalama, IPv6 haina ulinzi wowote.

Fundi Nyaya
Kijana, umepatia nusu. IPv4 ina anwani kama bilioni 4.3 tu, hazitutoshi, ndiyo maana nyumba nzima inatumia moja kwa njia ya NAT. Ili hilo liwezekane, ruta inaweka jedwali la mazungumzo yaliyoanzishwa kutoka ndani. Pakiti ikija kutoka nje na haimo kwenye jedwali, ruta haijui impelekee nani, inaitupa. Ulinzi mliouzoea ulitokana na jedwali hilo, wala NAT haikubuniwa kwa ajili yake.

IPv6 ina biti 128. Mteja wa nyumbani hupewa walau /64, yaani biti 64 za mwanzo ni za nyumba yake na 64 zilizobaki ni za vifaa, na humo mna anwani 2^64, kwa hiyo hakuna sababu ya kugawana. Kila kifaa kinapata yake na kinaongea moja kwa moja, ruta haibadilishi anwani njiani. Jedwali linabaki vilevile, ila sasa kazi yake ni kuamua nani apite. Kwa nftables, programu ya firewall ya Linux, ni hivi:

```
chain forward {
  type filter hook forward priority 0; policy drop;
  ct state established,related accept
  iifname "br-lan" oifname "wan" accept
  icmpv6 type packet-too-big accept
}
```

Kinachotoka ndani kinapita, majibu yake yanarudi, kinachoanzia nje kinatupwa. Hiyo packet-too-big msiiguse. Ruta za njiani kwenye IPv6 hazikati pakiti vipande, zinarudisha taarifa kwamba ni kubwa mno. Ukiizuia, kurasa nyingine zitaganda bila maelezo.

Kanuni hii imeandikwa tangu 2011, RFC 6092, kwa ajili ya ruta za nyumbani. Imeacha nafasi ya mtumiaji kuifungua, lakini kwa hiari ya mtumiaji. Huduma kwa wateja wamekupa nusu ya ukweli: anwani ya hadharani ni kawaida, kufikika na kila mtu si kawaida.

Mama Duka
Samahani, mimi nataka kinyume chake. Nataka niione kamera ya dukani nikiwa nyumbani, nimefungua poti wee, wapi! Ruta inaonyesha 100.72 na kuendelea.

Fundi Nyaya
Mama, hiyo ni anwani ya ndani ya kampuni, uko nyuma ya NAT yao. Ufungue poti hadi kesho. Wakikupa IPv6, ruhusu anwani moja ya kamera na poti moja tu, au tumia VPN.

Kijana wa Kijiweni
Sawa, lakini nani ataipata anwani yake kati ya hizo 2^64? Haichunguziki.

Fundi Nyaya
Tazama `ff:fe` pale katikati. Kamera imejitungia anwani kutokana na MAC yake, namba iliyopewa kiwandani, `a4:b1:c2:3d:8e:10`. Nusu ya mbele ya MAC ni ya mtengenezaji, inajulikana. Mwenye kujua /64 ya nyumba hiyo anabakiwa na biti 24 za kubahatisha, kama milioni 16.7. Kompyuta inazimaliza. Simu yako hubadilisha anwani mara kwa mara, kamera za bei nafuu nyingi hazina habari.

Mpangaji Mkorofi
Nimeingia kwenye ruta. Kuna kisanduku "IPv6 Firewall", hakina tiki! Nimetia tiki, shemeji amejaribu tena, ukurasa unazunguka mpaka unakata. Wangu hapa ndani unafunguka vizuri.

Sasa sikieni. Umeme ukakatika, ruta ikawaka upya, nikaangalia: tiki imetoka.

Fundi Nyaya
Inawezekana wanaisukumia mipangilio yao kila inapowaka, kwa TR-069, njia ya kampuni kuiongoza ruta kutoka mbali. Au ruta yenyewe haihifadhi. Itie tiki, kisha uizime na kuiwasha bila waya wa faiba, uone kama tiki inabaki.

Mpangaji Mkorofi
Imebaki! Nimerudisha waya, baada ya dakika chache imetoka tena. Mwenye ruta ya kampuni yoyote aliyewahi kuwalazimisha wabadilishe hili upande wao aniambie alimwona nani, maana kwa simu hawa hawanielewi kabisa.