Kampuni ya mizigo imetuandikia barua pepe kikundi kizima: "bei ni kila kitu". Tuiamini?

KatibuLeicester
Wakuu, naomba ushauri. Mimi ni katibu wa kikundi cha Watanzania hapa Leicester, familia 18. Kampuni ya mizigo imetuandikia: "Tunakusanya mlangoni, pauni 90 kwa pipa hadi Dar, ushuru umo, bei ni kila kitu. Kontena linafungwa tarehe 28." Wanachama wananisukuma nilipe. Mwaka juzi tulilipa kampuni nyingine, mzigo ukakwama na ndugu wakadaiwa nyongeza, kwa hiyo naogopa kuwaingiza watu hasara tena.

Bwashee
Lipa tu mkuu. Vitu vilivyotumika vya nyumbani havina ushuru.

MzeeWaKurasini
Bwashee, hapo umechanganya. Msamaha huo ni wa mtu anayerudi kuishi nyumbani na vyombo vyake. Pipa la zawadi kwa mama na wadogo zako halimo.

Katibu, nimetoa mizigo bandarini miaka mingi. Waulize hivi: hati ya shehena itaandikwa jina la nani? Kontena la kuchangia huwa na hati kuu moja kwa jina la wakala wao wa Dar. Kila mwenye mzigo anapaswa kupewa hati yake ndogo, yenye jina la mpokeaji na orodha ya vitu. Bila hiyo, mbele ya forodha mapipa yenu yote ni mzigo wa wakala. Mmoja akificha simu kumi katikati ya mablanketi, kontena zima linafunguliwa na kukaguliwa, na siku zinavyopita gharama za kuhifadhi zinapanda. Hapo ndipo "kila kitu" hugeuka nyongeza.

MamaTausi
Langu lilishikwa kwa sababu ya nguo za ndani za mitumba. Nilizijazia tu pembeni, sikujua zimepigwa marufuku. Kaka yangu alienda bandarini mara nne. Je, na friji kuukuu nalo wanazuia?

KatibuLeicester
Pole dada. Mzee, wapo pia wenye makatoni, nao wameambiwa pauni 290 kwa mita moja ya ujazo.

MzeeWaKurasini
Pima mwenyewe. Pipa la bluu lina upana wa sentimita 58 hivi na kimo 93. Kwenye kontena linahesabiwa kama sanduku: 0.58 × 0.58 × 0.93 ni kama 0.31. Zidisha kwa 290, unapata pauni 90. Kwa hiyo bei zao zinalingana. Ila katoni lipimwe mbele yako, likiwa limeshafungwa, maana likivimba sentimita tano kila upande, ujazo unaongezeka na bili pia. MamaTausi, friji kuukuu usitume kabla wakala hajakuthibitishia kwa maandishi.

KatibuLeicester
Nimewaandikia. Wamekubali hati ndogo kwa kila familia. Nilipouliza nani atalipa gharama za kuhifadhi kontena likichelewa kwa kosa la mteja mwingine, wamejibu "tutaliangalia". Pesa za wanachama bado ziko kwa mhazini.

Bwashee
Na tarehe 28 ndiyo hiyo Ijumaa.

KatibuLeicester
Najua. Kama hawajaandika jibu kufikia Alhamisi, tutasubiri kontena linalofuata.