Rezista za kuzidisha mbili-mbili au ngazi ya R-2R? Naagiza Kariakoo

Fundi_Shangani: Wakuu, habari za jukwaa. Nipo Mtwara mjini, naunda DAC ya rezista kwenye Arduino Uno ili nipate mawimbi ya kupimia ampu. Nichukue 10k, 20k, 40k na kuendelea, au ngazi ya R-2R? Ile ya kwanza inakula rezista chache. Kuna mtu anapanda basi la Dar kesho.

Mzee_wa_Saketi: Biti ngapi? Rezista za asilimia ngapi? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Korosho_Daima: Weka R-2R ulale usingizi. Ile haijali makosa ya rezista.

Binti_Masasi: Mimi iliniliza ile ya kuzidisha. Biti 8, rezista za asilimia 5 za duka la mtaani. Wimbi la pembetatu likatoka na jino katikati. Nikawa natuma namba moja moja na kupima kwa mita: 127 ikatoa volti 2.51, 128 ikatoa 2.48. Namba inapanda, volti zinashuka! Za biti ndogo zote nilishaziunga-unga mpaka zikakaa sawa, ila ya biti kubwa ilikuwa 10.2k badala ya 10k. Pale katikati biti saba zinazima kwa pamoja, hiyo moja inawaka peke yake na kubeba uzito wa hatua 128. Asilimia 2 ya 128 ni hatua mbili na nusu, na ilitakiwa ipande hatua moja tu.

Fundi_Shangani: Samahani, biti 8, za asilimia 1.

Mzee_wa_Saketi: Basi biti kubwa pekee inaweza kukosea hatua 1.28. Zile saba zikikosea upande wa pili, wimbi linarudi nyuma. Ingekuwa biti 4 nisingekusumbua. Na Korosho, R-2R inajali vilevile, hesabu ya biti kubwa ni ileile. Faida yake ni kwamba unanunua 10k tupu, 25 zinatosha, za utepe mmoja, ambazo mara nyingi hukaribiana kuliko asilimia iliyoandikwa. Halafu pini ya Uno nayo ina ohm zake, kama 25 hivi. Ukianzia 1k kwenye ile ya kuzidisha, biti kubwa imeshapoteza asilimia 2.5 kabla hujaanza.

Mikindani_Sauti: Spika za msikiti wetu zinakoroma, na sisi tubadilishe rezista?

Binti_Masasi: Hiyo angalia waya wa ethi, kaka, na fungua uzi wako. Fundi, agiza 100, uzipime, zilizofanana kabisa weka biti za juu.

Korosho_Daima: Mita yenyewe inakosea asilimia 1!

Mzee_wa_Saketi: Inakosea zote kwa kiasi kilekile. Sisi tunazilinganisha zenyewe kwa zenyewe.

Korosho_Daima: Mateso ya nini? MCP4725 ipo, biti 12, kazi imekwisha.

Fundi_Shangani: Hiyo inapita I2C mkuu, mawimbi ya kilohezi 10 itayaweza?

Mikindani_Sauti: Ethi ipi, ya ampu au ya mikisa?