Amilesi iko kawaida, niache kufikiria kongosho?

Tabibu wa Urambo: Wakuu, naombeni ushauri. Nina baba wa miaka 46, mkulima wa tumbaku. Jumatatu usiku alishikwa ghafla na maumivu ya chembe ya moyo yanayopenya hadi mgongoni, akatapika mpaka kukakucha. Nyumbani wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Kwetu amefika leo Ijumaa. Nilihisi kongosho, lakini amilesi imerudi 88, na mwisho wa kawaida kwenye mashine yetu ni 100. Lipesi hatupimi. Nimpeleke Tabora mjini au nibaki na vidonda?

Mzee wa Dripu: Kimeng'enya huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo umepima mapema mno. Rudia kesho na keshokutwa. Namba ikizidi kukua ujue ugonjwa nao unakua.

Mama Ng'ambo: Mwanangu alipougua matubwitubwi amilesi ilipanda sana, tukaambiwa kongosho. Tumbo halikumuuma hata siku moja! Hicho kipimo sikiamini.

Maabara Usiku: Mama, ulichokiona ni kweli. Tezi za mate nazo hutoa amilesi, zikivimba inapanda. Hata utumbo uliotoboka au kuziba huweza kuipandisha.

Mzee, hoja yako ingefaa kama angekuja Jumatatu ileile usiku. Huyu ana siku nne, hajawahi, amechelewa. Amilesi hupanda ndani ya saa 6 hadi 12, kisha figo huitoa upesi, na kati ya siku ya 3 na ya 5 mara nyingi imesharudi kawaida. Lipesi huanza kupanda saa 4 hadi 8, hufika kilele karibu saa 24, na hubaki juu siku 8 hadi 14. Ndiyo maana tunaipendelea, tena chanzo chake kikubwa ni kongosho lenyewe. Tabibu, mpeleke leo, mwekee dripu njiani. Lipesi ikizidi mara tatu ya mwisho wa kawaida, pamoja na maumivu hayo, inatosha kuita kongosho. Waombe na kreatinini, maana figo zikifeli vimeng'enya vyote viwili hupanda bila kongosho kuugua.

Mzee wa Dripu: Na ukubwa wa namba?

Maabara Usiku: Hausemi ukali. Kuna wa 3000 anayetembea, na wa 400 anayezidiwa. Angalia mapigo, pumzi na mkojo. Kurudia kipimo kila siku ni kumtoa mtu damu bure.

Tabibu wa Urambo: Mrejesho wa Jumamosi. Lipesi 640, mwisho wao ni 60, yaani zaidi ya mara kumi. Kreatinini nzuri. Altrasaundi haikuliona kongosho kwa sababu ya gesi. Mfuko wa nyongo hauna mawe. Anakiri kunywa gongo, ila ndugu wanasema si sana. Daktari anataka kupima mafuta ya damu.

Maabara Usiku: Sawa, yakizidi sana huwa chanzo, tena huweza kuishusha amilesi kwenye mashine kwa uongo. Ila mtu asiyekula siku nne, mafuta yake huenda yameshashuka. Yakitoka kawaida usiyafute moja kwa moja. Yapimwe tena akishapona na kuanza kula.