Muuza viti mwendo kwa picha ameniambia nimpunguze baba!!!

Wakuu, leo sina salamu. Yule muuza viti mwendo kwa picha wa hapa hapa Mwanza, simtaji, wote mnamjua, ameniambia NIMPUNGUZE BABA. Baba yangu mzazi, kama suruali ya kupelekwa kwa fundi cherehani!

Mzee alipata kiharusi, upande wa kushoto umelala. Ana kilo 112. Nilimwandikia yule mtu kila kitu: kilo, kwamba tunakaa Mabatini juu kwenye mawe, na kwamba mzee anataka afike barazani mwenyewe bila kuita mtu. Akanitumia picha moja, kiti kimepigwa kwa mbele, kinameta kama meno ya bwana harusi. Nikatuma laki tatu na ishirini.

Kinashushwa kwenye bodaboda, naona matairi ya nyuma ni madogo kama ya mbele! Toroli! Hakuna hata ringi ya kushika kwa mkono. Mzee kukaa, mapaja yakabanwa kama sangara kwenye ndoo ya dagaa. Kijana wa jirani akamsukuma hatua kumi, tairi la mbele likaingia kati ya mawe mawili, kiti kikagoma, mzee nusura ale changarawe. Nakipindua, kibandiko chini kinasema mwisho kilo 100. Nampigia, anacheka: "Kiti ni kiti bosi, mpunguzeni mzee." MPUNGUZENI!

Sangara wa Kirumba: Pole, ila mkuu, hata mbuzi mnadani anazungushwa nyuma. Wewe laki tatu kwa picha moja?

Dagaa Kavu: Chukua kikubwa kabisa, cha tairi za upepo. Uzi ufungwe.

Dada Mazoezi: Usifungwe kwanza. Nafanya fiziotherapia, hivi viti naletewa kila wiki. Tairi za upepo zinapunguza mtikisiko kweli, lakini kilichomkwamisha mzee ni kile kigurudumu cha mbele, chembamba na kidogo. Kwenye mawe anahitaji kipana na kikubwa zaidi, kilichokaa mbele mbali na tairi la nyuma. Hilo huoni kwa picha ya mbele. Omba picha ya ubavuni, futi ya cherehani imelazwa juu ya kiti, na picha ya kibandiko cha kilo.

Na "kikubwa kabisa" pia ni mtego. Kikipwaya, mzee ataegemea upande uliolala na mkono hautafikia ringi. Mpime akiwa amekaa, sehemu pana zaidi ya nyonga, kiti kizidi hapo kidogo tu.

Mleta uzi: Nimempima sasa hivi, sentimeta 49. Anauliza kama na yeye anauzwa.

Dada Mazoezi: Basi kiti cha 50 hivi, kinachobeba kilo 130 na kuendelea. Ongeza kama 20 za matairi na ringi, ndiyo upana wote. Mlango wako je?

Mleta uzi: 70 kamili 😭

Dagaa Kavu: Si nilisema, mpunguzeni mzee 😂😂

Mleta uzi: Dagaa nitakutafuta.

Dada Mazoezi: Fremu ya mlango itabidi fundi aiguse. La muhimu zaidi: mkono mmoja tu ukisukuma, kiti kinazunguka duara. Wenye kiharusi wanavuta kwa mguu mzima huku mkono ukisukuma. Kwa hiyo kiti kiwe chini, kisigino cha kulia kikanyage sakafu mzee akiwa ameegemea vizuri, na pa kuwekea mguu upande huo pafunguke. Hapo barazani anafika mwenyewe. Mteremko wa Mabatini hapana, huo atashushwa, na anayemshusha atangulie yeye, kiti kirudi kinyumenyume.

Mjukuu wa Ukerewe: Samahani, na fremu ya kutembelea ni bei gani? Bibi yangu ya kwake inazama mchangani kila akienda mwaloni.

Dada Mazoezi: Siuzi mama. Angalia vile vikofia vya mpira miguuni, vikiisha bomba tupu linachoma mchanga kama mkuki. Bibi akisimama mikono imening'inia, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, pale anapovaa saa.

Mjukuu wa Ukerewe: Saa hana.

Sangara wa Kirumba: Afadhali nyie mnabishana na muuzaji. Mimi kondakta wa Igoma alinitoza nauli ya fremu ya mama, eti imekaa siti. Siti gani, nimeipakata!

Dagaa Kavu: Igoma hao hata kuku wanamtoza. Juzi kanitoza ndoo.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwangu. MPUNGUZENI MZEE, mnasikia lakini?

Sangara wa Kirumba: Ndoo ilikuwa na samaki au tupu? Maana tupu hawatozi.