Nataka kuacha kumchangia mchora pateni Patreon, nitapoteza nini?

FundiUpindo: Habari za jioni wakuu. Miaka miwili sasa namchangia dola 8 kila mwezi mama mmoja anayechora pateni za magauni na kuziweka Patreon. Hali ni ngumu, nataka kusitisha. Pateni za nyuma nazo zitaondoka? Silali.

Barabaraya10: Usihangaike. Acha kadi bila salio, watakukata wenyewe.

Kibindo: Hiyo ni nusu, mkuu. Malipo yakigoma mlango unafungwa kweli, ila mfumo hurudia kujaribu. Ukiweka hela ya shughuli nyingine inaweza kukombwa. Dada, sitisha rasmi ndani ya akaunti. Utaendelea kuingia hadi mwisho wa kipindi ulicholipia, kisha machapisho ya wachangiaji yatajifunga, hata ya miaka miwili nyuma. Ulilipia kuingia, hukununua. Faili ulilokwisha kushusha linabaki lako. Ulikuwa unashusha?

FundiUpindo: Hapana, nasomea hukohuko. Simu imejaa.

Kibindo: Kipindi chako kinaisha lini?

MamaSwaumu: Mimi nilimchangia kaka mmoja wa simulizi za sauti. Nilipoacha, ile linki niliyoweka kwenye programu ya kusikilizia ikafa. Nilikuwa nimebakiza sehemu mbili tu, hadi leo sijui binti aliolewa na nani.

Kibindo: FundiUpindo, mbona unakwepa? Lini?

FundiUpindo: Sawa. Nilishasitisha wiki iliyopita, zimebaki siku tatu. Na pateni hizo nafundishia wanafunzi 9, kila mmoja ananipa elfu tano kwa mwezi. Siyo wizi, nawafundisha kwa jasho langu.

MamaSwaumu: Unakusanya 45,000 halafu dola 8 zinakushinda? Mwenzio naye anakula kwa kazi hiyo.

FundiUpindo: Watano hawajalipa tangu shule zifunguliwe. Kodi ya chumba nalipa mimi.

Mkasi: Hii chai. Hujashusha hata faili moja, wanafunzi 9 wanakata kitambaa kwa pateni ipi? Zilichapwa vipi?

FundiUpindo: Siyo chai kaka. Naingia akaunti yangu kwenye kompyuta ya steshenari ya jirani, kijana anachapa vipande A4, tunaunganisha kwa gundi.

Kibindo: Basi zilishushwa! Nenda na flashi kesho asubuhi, angalia folda ya `Downloads`. Zisizokuwepo zishushe kabla siku tatu hazijaisha, halafu utoke kwenye akaunti yako. Na masharti yake yanasemaje kuhusu kufundishia?

FundiUpindo: Sijayasoma.

Mkasi: Yasome kwanza.

FundiUpindo: Mrejesho: nimekuta 11, nyingine nimeshusha. Ila maelekezo ya kushusha bega la mtu mnene aliyajibu kwenye maoni, chini ya chapisho, kwenye PDF hayamo.

Kibindo: Piga picha za skrini, uvute hadi maoni ya mwisho. Kama mna kundi Discord, nakili na ya huko, maana utaondolewa kwenye vyumba vya wachangiaji.

FundiUpindo: Kundi lipo. Naanza nalo sasa hivi. Masharti nimeyafungua, yako kwa Kiingereza, namsubiri mdogo wangu anisomee.