Presi ya kilonyutoni 200: silinda ya milimita 100 au ya 125?

Mkunjabamba: Ninabuni presi ya kukunja mabamba inayohitaji nguvu ya kilonyutoni 200, pistoni ikishuka milimita 10 kwa sekunde wakati wa kubana. Silinda ya kipenyo cha milimita 100 ni nyepesi na inatumia mafuta machache, lakini ya 125 inatumia shinikizo dogo zaidi. Nichague ipi, na vali ya usalama niiweke kwenye shinikizo gani?

Kasi_Kwanza: Chukua ya 100, kisha funga pampu kubwa. Pampu ikitoa mafuta mengi, nguvu itapatikana.

Bi_Haidroli: Ni kweli kwamba ya 100 huenda haraka kwa pampu ileile, lakini wingi wa mafuta huleta kasi tu, nguvu hutokana na shinikizo kuzidishwa kwa eneo la pistoni. Ya 100 ina eneo la sentimita za mraba 78.5, hivyo inadai takriban baa 255 hata kabla ya kuhesabu msuguano, na hapo pampu nyingi za kawaida za gia zimefika ukingoni. Ya 125 ina sentimita za mraba 122.7 na inadai baa 163. Ukiongeza msuguano wa sili na upotevu wa mabombani, tarajia geji isome karibu baa 170. Mimi ningechukua hii.

Kwa kasi uliyotaja inahitaji lita 7.4 kwa dakika. Pampu ya sentimita za ujazo 6 kwa mzunguko, ikizungushwa mara 1450 kwa dakika, itatoa takriban lita 8 baada ya uvujaji wa ndani, na mota ya kilowati 3 itatosha.

Vali ya usalama ningeiweka baa 185, na ningeirekebisha mafuta yote ya pampu yakipita ndani yake, kwa kuwa vali nyepesi huanza kuvuja kabla ya kufika hapo. Kumbuka kwamba kwa baa 185 silinda inasukuma kilonyutoni 227, kwa hiyo fremu ihesabiwe kwa nguvu hiyo, si kwa 200.

Karakana_B: Presi yangu inafikia nguvu vizuri, ila tangi huchemka nikishikilia kazi kwa dakika chache. Je, nipandishe vali?

Bi_Haidroli: Usiipandishe, utaongeza joto. Lita 8 kwa dakika zikipita kwenye vali kwa baa 185 zinageuza karibu kilowati 2.5 kuwa joto. Tumia vali ya kuelekeza ambayo katikati yake hurudisha mafuta ya pampu tangini bila shinikizo, na vali ya kuzuia kurudi ishikilie silinda.

Mkunjabamba: Nimekubali ya 125. Lakini nikishikilia dakika kumi, sili zikivuja kidogo, shinikizo halitashuka?

Bi_Haidroli: Litashuka, kiasi gani, geji ya silinda yako ndiyo itakayokuambia. Likishuka mno, ongeza akumuleta ndogo, yaani chombo kinachohifadhi mafuta yenye shinikizo, upande wa silinda.

Karakana_B: Akumuleta ikiwepo, mimi ningeogopa kuachia shinikizo lake kwa ghafla.