Mgonjwa amefariki mbele yangu fildi, nashindwa kuandika tafakuri. Naombeni ushauri

Ua_la_Jioni
Habari zenu wakubwa. Nasoma uuguzi, niko fildi wodi ya wanaume. Juzi usiku mgonjwa kafariki mbele yangu, na sikuwahi kuona mtu akikata roho. Mzee wa nimonia. Jioni tunaongea naye vizuri tu, ananiuliza nimebakiza miaka mingapi nimalize, alfajiri hayupo. Daktari alikuja, wakamkandamiza kifua kwa zamu, haikusaidia kitu.

Baadaye nikaambiwa nisaidie kumwandaa. Tulipomgeuza ubavu tumfute mgongo akatoa sauti, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kubeba mzigo. Niliachia shuka nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nesi hakunifokea, alinisubiri tu nikarudi tukamalizia.

Sasa chuo wanataka tafakuri ya tukio kwa mtindo wa Gibbs, zile hatua sita. Maelezo nimeandika, hisia nimejaza ukurasa mzima. Nikifika kwenye tathmini, lipi lilikwenda vizuri na lipi halikwenda, kalamu inagoma. Usingizi nao umekuwa shida. Mwenye mfano wa tafakuri naomba aniwekee hapa.

Bwana_Kheri
Pole sana binti. Kila nafsi itaonja mauti, kazi ya Mungu haina makosa. Ila vijana wa sasa mnakimbilia uuguzi kwa kuangalia ajira. Ule ni wito. Mwenye wito haogopi maiti.

Pilipili_Manga
Mzee Kheri, mimi kwa sauti hiyo viatu ningeviacha hapohapo wodini, wito ungenifuata nyumbani.

Sista_wa_Zamu
Pole mdogo wangu. Kwanza hiyo sauti. Mtu akifa mapafu hayabaki matupu, kuna hewa imesalia ndani. Ukimgeuza kifua kinabanwa, hewa inatoka kupitia kooni, nyuzi za sauti zinatikisika. Hakuwa hai na hamkumwahisha. Sisi tunaolea wanafunzi tunapaswa kuwaambia kabla hatujamshika maiti, na wengi tunasahau kwa sababu tumeshazoea.

Kuhusu tathmini: nimesahihisha tafakuri nyingi. Anayejaza ukurasa wa hisia halafu akakwama palepale kwenye "lipi halikwenda vizuri" hajakosa maneno. Kuna kitu anakizunguka. Nikuulize, jioni ile pumzi za mzee zilikuwa ngapi kwa dakika?

Fundi_Darubini
Dada hama kozi mapema. Mimi nilianza uuguzi, siku ya kwanza kuona kidonda cha kisukari nikaanguka, wagonjwa ndio walionimwagia maji. Nikahamia maabara. Sampuli haifi mkononi mwako, na haikuulizi umebakiza miaka mingapi. Vigezo vya kuhamia nitakutumia faragha.

Ua_la_Jioni
Asante kaka, ila sijasema nahama.
Sista, kwenye chati ni 20.

Sista_wa_Zamu
Chati sijaiuliza. Wewe uliona ngapi?

Pilipili_Manga
Ohoo. Navuta kiti.

Ua_la_Jioni
Sikutaka kufika huko lakini haya.

Nilipata 32. Nilikuwa najizoeza tu. Mkufunzi alitufundisha kwamba ukimaliza mapigo usiachie mkono, endelea kuushika kama bado unapima, macho yaende kifuani, maana mgonjwa akijua unahesabu pumzi anazibadilisha. Nikahesabu dakika nzima, nikarudia, ikaja 32 tena. Nikamwambia nesi wa zamu. Alikuwa anagawa dawa, wodi imejaa, yuko peke yake. Akasema mzee katoka msalani sasa hivi, mwache atulie. Nikatumwa kupeleka sampuli. Niliporudi chati imeshajazwa, pumzi 20. Nikatazama na za jirani zake: 20, 20, 20, upande wote.

Kwenye tafakuri nimeshaandika 20, kama chati inavyosema. Huyo nesi ndiye anayesaini kitabu changu cha fildi. Na ndiye aliyenifundisha kuweka kanula, ndiye aliyenisubiri pale ukutani. Halafu mzee alikuwa na umri wake, huenda angeondoka tu. Kwa hiyo hilo naomba tuliache. Mimi shida yangu ni namna ya kuandika tathmini.

Mpima_Presha
Mwanafunzi kuhesabu 32 si ajabu akawa kakosea. Sisi kazini ni sekunde 15 unazidisha kwa 4, unaendelea. Pia ni kweli mtu akitoka msalani pumzi zinapanda, na homa inapandisha vilevile. La muhimu ni oksijeni ya kwenye damu. Kipimo cha kidoleni kilisoma ngapi? Kama kilikuwa kizuri, ondoa wasiwasi.

Ua_la_Jioni
Kilisoma 96, akiwa anapewa oksijeni. Mapigo 104, presha 112 kwa 70, joto 37.8, akili timamu kabisa.

Kinyonga_Mweupe
Wakuu, chai hii. Mtu ana 96, presha nzuri, anapiga stori, halafu masaa machache baadaye kafa? Maiti inashusha pumzi? Na mwanzo hukusema lolote kuhusu 32, umebanwa kidogo tu namba zote zimekuja zimepangwa mstari. Huyu anaandika tamthilia, au ana ugomvi na huyo nesi anatafuta mashahidi humu.

Pilipili_Manga
Hata mimi hapo kwenye 20, 20, 20 nilihisi kuna mtunzi.

Tabasamu_Baya
Nyie hamjawahi kufanya kazi wodini. Hizo 20 zipo kila mahali. Nilikuwa na mgonjwa kaandikiwa pumzi 20 na alikuwa kitanda kitupu, keshapelekwa upasuaji.

Ua_la_Jioni
Kinyonga, sikusema kwa sababu ya watu kama wewe. Namba nimezitoa kwenye kidaftari changu cha mfukoni. Usiamini, sawa tu.

Sista_wa_Zamu
Sijui kama kisa ni cha kweli, wala siwezi kujua nikiwa huku. Ila ninyi mnaosema hakiwezekani, hapo hapana.

Mapafu yakianza kushindwa, mwili hufidia kwanza kwa kupumua haraka. Hiyo kasi, pamoja na oksijeni ya kwenye barakoa, ndiyo inayoishikilia ile 96. Kipimo cha kidoleni kinakuonyesha matokeo, hakikuonyeshi mzee anatumia nguvu kiasi gani kuyapata. Akichoka, namba inaporomoka kwa kasi, na hapo unakuwa umeshachelewa.

Chukueni alama za NEWS2 za kugundua mapema mgonjwa anayezidiwa, ile iliyotolewa na chuo cha madaktari cha Uingereza mwaka 2012 na kuboreshwa 2017. Wodi ya huyu binti huenda inatumia nyingine, lakini tuhesabu. Mapigo 104 yanampa alama 1. Kuwa kwenye oksijeni, alama 2. Kusoma 96, presha ya 112, joto la 37.8 na akili timamu vyote ni sifuri. Sasa weka pumzi 20: sifuri, jumla 3. Mgonjwa wa 3 anapimwa tena baada ya masaa manne hadi sita, na nesi mwenye wodi nzima ataenda kwa mwingine. Weka 32: peke yake ina alama 3, jumla 6. Wa 6 anaitiwa daktari kwa haraka na anapimwa angalau kila saa. Mgonjwa yuleyule, kitanda kilekile, usiku tofauti kabisa.

Mpima, sekunde 15 kwa mapigo yaliyo sawasawa naweza kukuelewa. Kwa pumzi, ukikosa moja tu umekosea kwa 4, na mgonjwa mwenye nimonia hapumui kwa mpangilio. Ni dakika nzima. Na la msalani ni kweli, zinapanda, kisha zinashuka akipumzika. Ndiyo maana unarudia. Alirudia nani?

Mpima_Presha
Hilo la kurudia nakubali. Lakini sista na wewe usimtie binti kichwani kwamba mzee kauawa na chati. Wapo wanaokufa daktari kashika mkono.

Sista_wa_Zamu
Sijasema hivyo na sitasema. Angeitwa daktari mapema, labda dawa ingebadilishwa, labda angehamishwa, labda angefariki vilevile. Hilo halijulikani na binti asiliandike. Aandike anachokijua.

Mdogo wangu, tathmini yako ni hii: nilihesabu pumzi dakika nzima mara mbili, nikapata 32, nikatoa taarifa, nikajibiwa kwamba mgonjwa ametoka msalani, na kwenye chati nikakuta 20. Baadaye kwenye uchambuzi ndipo unauliza kwa nini pumzi ndiyo kipimo kinachokisiwa. Jibu unalo: nesi mmoja, wodi imejaa, na ni kipimo pekee kisichokuwa na mashine inayokutolea namba. Ukiandika hivyo hujamchoma mtu. Usiweke jina lake, la mzee, namba ya kitanda wala tarehe. Hiyo 20 iondoe, kwa sababu ukiiandika umeisaini na wewe.

Suala la chati kujazwa bila kupima si la tafakuri, lina fomu yake ya taarifa ya tukio. Anza kwa mkufunzi wa chuo, ana kwa ana.

Bwana_Kheri
Hapana. Mwanafunzi hamsemi mkubwa aliyemfundisha kazi. Amfuate huyo nesi faragha, kwa adabu, wayamalize wawili.

Tabasamu_Baya
Nami niseme ya upande wa pili. Nilisema kitu cha namna hii nikiwa mwanafunzi. Kitabu hakikusainiwa, fildi nikarudia, wenzangu wakatangulia. Sijutii, ila nisingependa aambiwe ni rahisi.

Sista_wa_Zamu
Tabasamu, yanatokea, siwezi kukubishia. Ndiyo maana nasema mkufunzi kwanza, na amwombe msimamizi mwingine wa kusaini kabla tafakuri haijasomwa na mtu. Mzee Kheri, faragha ni sawa kama hao wawili wako sawa. Hawako.

Ua_la_Jioni
Nimesoma yote. Mimi bado naona naweza kuandika "pumzi zilikuwa juu" bila kutaja namba. Si uongo.

Sista_wa_Zamu
Si uongo. Ila msahihishaji atakuuliza juu kiasi gani, kama mimi.

Kinyonga_Mweupe
Mkufunzi akikubana lete mrejesho. Hapo ndipo nitaamini.

Ua_la_Jioni
Sista, la mwisho. Kidaftari kile kina namba ya kitanda na jina la kwanza la mzee, niliandika ili nisisahau. Nikichane?

Sista_wa_Zamu
USIKICHANE. Na usikipige picha ukaniletea, wala usikiweke humu. Nenda nacho kwa mkufunzi kama kilivyo, mwambie kina taarifa za mgonjwa, aseme yeye kihifadhiwe wapi. Baada ya hapo kidaftari kipya, bila majina. Zamu yako inayofuata lini?

Ua_la_Jioni
Kesho usiku. Na nesi yuleyule.

Pilipili_Manga
Chukua saa yenye mshale wa sekunde dada.